Sentensi tatu za ikisiri moja: kisa cha mahindi, sumukuvu na madai yasiyolingana na ushahidi

Kisa hiki kinatokana na rasimu ya makala niliyoletewa kama mtakwimu mshauri. Timu ilikuwa ya watu wanne kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, na mazungumzo yao ya kazi yalikuwa kwa Kiswahili. Majina, wilaya na chuo vimeondolewa. Idadi za kaya na matokeo zimebadilishwa kidogo ili timu isitambulike, lakini hesabu zote hapa zinalingana zenyewe kwa zenyewe na msomaji anaweza kuzirudia kwa kikokotoo.

## Usuli

Wilaya ilikuwa mashariki mwa Uganda, upande unaopeleka mahindi mpakani. Mavuno ya msimu wa kwanza huko huangukia Julai na Agosti, na mara nyingi mvua hurudi kabla punje hazijakauka. Mkulima asipokausha vizuri, anapata maadui wawili. Wa kwanza ni wadudu, yaani fukusi na dumuzi, ambao hula punje na kuacha unga. Wa pili ni kuvu aina ya *Aspergillus flavus*, anayetoa sumukuvu iitwayo aflatoksini. Mdudu unamwona. Sumukuvu huioni, huinusi, na kuipika hakuiondoi.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Namba hiyo ya pili iliwagusa wafanyabiashara wa mpakani mfukoni kabisa Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha baada ya siku chache ikafungua kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachothibitisha kwamba shehena haijavuka kikomo hicho. Tangu hapo, sentensi yoyote ya mtafiti yenye neno sumukuvu husomwa na watu wengi kuliko alivyotarajia.

Timu iliandikisha kaya 240. Kwa kupiga kura, yaani kwa bahati nasibu, kaya 120 zilipewa mifuko isiyopitisha hewa (ile ya tabaka kadhaa za plastiki, inayofungwa kwa kamba hadi oksijeni ya ndani iishe na wadudu wafe), na kaya 120 zikapewa magunia ya kawaida ya plastiki iliyofumwa. Baada ya miezi 6 walirudi kupima. Kaya 18 zilikuwa zimeshauza au kula mahindi yote, 8 za kundi la mifuko na 10 za kundi la magunia, zikabaki 112 na 110.

Jambo waliloahidi kupima tangu mwanzo, na ambalo ukubwa wa jaribio ulipangwa kwa ajili yake, lilikuwa upotevu wa uzito unaosababishwa na wadudu. Sumukuvu ilikuwa kipimo cha pili. Namna mkulima alivyoanika mahindi yake, chini kwenye udongo au juu ya turubai, iliulizwa tu kwenye dodoso. Hakuna aliyegawiwa turubai.

## Rasimu ilivyofika mezani

Mtafiti mkuu, mwanafunzi wa uzamivu, alinitumia ikisiri yenye sentensi tatu za matokeo. Nazinukuu kama zilivyokuwa.

Ya kwanza: "Matokeo haya yanaashiria kwamba huenda mifuko isiyopitisha hewa inaweza kuchangia kwa kiasi fulani katika kupunguza upotevu wa mahindi ghalani."

Ya pili: "Mifuko hiyo haina athari kwa sumukuvu."

Ya tatu: "Kuanika mahindi juu ya turubai kunapunguza sumukuvu kwa asilimia 62."

Kulikuwa na ya nne kuhusu kipato cha mkulima kupanda. Hawakupima kipato popote, basi ikafutwa siku ileile na hakuna aliyeililia.

Ukisoma sentensi tatu bila kuona majedwali, utadhani timu ina uhakika mkubwa juu ya turubai, uhakika wa kukanusha juu ya mifuko na sumukuvu, na wasiwasi juu ya mifuko na wadudu. Majedwali yalisema karibu kinyume chake. Kabla ya kurekebisha chochote nilitaka kujua ilikuwaje mpangilio ukapinduka hivyo, maana mtu aliyeandika hakuwa mzembe.

Historia yenyewe ilikuwa fupi. Jarida la kwanza walilolipelekea makala liliikataa, na mhakiki mmoja aliandika kwamba madai yamepita ushahidi. Hakusema madai yapi. Msimamizi, profesa wa sayansi ya udongo mwenye heshima zake, akaagiza lugha ilainishwe. Mwanafunzi akaanza na sentensi ya kwanza, kwa sababu ndiyo ilikuwa kubwa na ndiyo iliyomtia hofu, akaipakia tahadhari nne: yanaashiria, huenda, inaweza, kwa kiasi fulani. Sentensi ya tatu hakuigusa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa unyofu, "Mwalimu, pale thamani ya p ni 0.005. Niliona imejitetea yenyewe." Na ya pili? "Pale p ni 0.24, kwa hiyo hakuna athari."

Hapo chanzo kilikuwa wazi. Tahadhari ilikuwa imegawanywa kwa hofu upande mmoja, na upande mwingine kwa thamani ya p, yaani kipimo cha jinsi bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kubwa kama iliyoonekana, ikitumiwa kama swichi ya taa: chini ya 0.05 athari ipo, juu yake haipo. Muundo wa utafiti, yaani nani alipata nini na kwa njia gani, haukuwa na sauti katika uamuzi huo.

## Sentensi ya kwanza: dai lililopunguzwa kupita kiasi

Upotevu wa wastani ulikuwa asilimia 1.9 kwenye mifuko na asilimia 8.6 kwenye magunia. Tofauti ni pointi 6.7, na masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo la thamani zinazopatana na data, ni kutoka 5.6 hadi 7.8. Kwa gunia la kilo 100, hiyo ni kama kilo 6 au 7 za mahindi ambazo hazikuliwa na wadudu. Hata ncha ya chini ya masafa, kilo 5.6, ni mahindi ambayo mama wa nyumbani angeyaona yakikosekana.

Nilimwomba mtafiti anitajie njia ambayo matokeo haya yangeweza kuwa ya uongo. Tulikaa nalo hilo kwa muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu tahadhari inayostahili huwa ni jina la hatari fulani. Usipoweza kuitaja hatari yenyewe, neno "huenda" linakuwa pambo.

Alianza na kura. Je, makundi yalilingana mwanzoni? Yalilingana kwa unyevu, aina ya mbegu na ukubwa wa shamba. Akaenda kwa upimaji. Mkulima hawezi kufichwa kwamba ana mfuko mpya, lakini sampuli zilipelekwa maabara kwa namba za siri na aliyehesabu punje zilizotobolewa hakujua zimetoka wapi. Akafika kwa kaya 18 zilizopotea, na hapo alishikwa na wasiwasi wa kweli. Tukapiga hesabu ya ukatili: tuseme zile kaya 8 za mifuko zote zilipoteza asilimia 8.6 kama za magunia, na zile 10 za magunia zote zilipoteza asilimia 1.9 tu. Wastani wa mifuko unapanda hadi karibu 2.3, wa magunia unashuka hadi 8.0, na tofauti inabaki pointi 5.7. Dhana mbaya kiasi hicho haikuiangusha.

Aliponyamaza, tuliandika upya: "Katika jaribio hili, mifuko isiyopitisha hewa ilipunguza upotevu wa uzito unaotokana na wadudu baada ya miezi 6, kutoka asilimia 8.6 hadi 1.9 (tofauti pointi 6.7, masafa 5.6 hadi 7.8). Mifuko ilitolewa bure, kaya zilifundishwa kuifunga, na matokeo ni ya msimu mmoja."

Kitenzi ni "ilipunguza", bila pazia. Mipaka yote imehamishiwa kwenye sentensi inayofuata, na kila mpaka una jina. Msomaji anayetaka kujua kama mfuko uliotobolewa na panya au kufungwa ovyo utafanya kazi vilevile, anaona mara moja kwamba jaribio halikumjibu. Neno "huenda" lisingemwambia hilo.

Msimamizi hakufurahi. "Mtaalamu, unataka warudi kutukataa tena?" Alidhani unyenyekevu wa lugha ni kinga mbele ya wahakiki. Nilimwonyesha kwamba mhakiki akisoma tahadhari nne mbele ya jaribio la kura lenye masafa membamba, ataanza kutafuta kasoro ambayo waandishi wanaificha. Hakukubali papo hapo. Alikubali tulipofika sentensi ya tatu, alipoona kwamba sikuwa nimekuja kuongeza sauti kila mahali.

## Sentensi ya pili: kukanusha bila ushahidi wa kukanusha

Kaya zilizokuwa na mahindi yaliyovuka mikrogramu 10 zilikuwa 14 kati ya 112 upande wa mifuko, yaani asilimia 12.5, na 20 kati ya 110 upande wa magunia, yaani asilimia 18.2. Tofauti ni pointi 5.7. Masafa yake yanaanzia pointi 3.8 za madhara, maana yake mifuko ingekuwa imeongeza tatizo kidogo, na kufika pointi 15.1 za faida.

Mtu anayeandika "haina athari" mbele ya masafa haya anakanusha faida ya pointi 10, wakati data zake zinairuhusu waziwazi. Sentensi hii inaonekana ya kiasi kwa sababu inakana, na kukana hufanana na unyenyekevu. Kwa kweli lilikuwa dai kubwa kuliko ushahidi wake, na ni la hatari kwa sababu wahakiki wengi hawalishtukii.

Ukubwa wa jaribio ulipangwa kwa ajili ya wadudu. Ili kuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kuikamata tofauti ya pointi 5.7 katika sumukuvu, zingehitajika zaidi ya kaya 600 kwa kila kundi. Walikuwa na 110 hivi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mwanakemia wa timu, dada kutoka Tanzania, alilileta na ambalo takwimu peke yake zisingelionyesha. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje chache mno zinaweza kubeba sumu nyingi, na punje maelfu zilizo jirani zikawa safi. Ndiyo maana katika upimaji wa sumukuvu kosa kubwa kwa kawaida huingia wakati wa kuchota sampuli, kabla hata ya kufika kwenye mashine. Timu ilichota mara moja kutoka juu ya kila gunia. Gunia lenye sumu lingeweza kutoa sampuli safi, na jambo hilo hutokea pande zote mbili na kuzifanya zifanane kuliko zilivyo. "Tungechoma kwa bomba sehemu kadhaa, juu, katikati na chini, kisha tusage pamoja," alisema. Hatari hii ina jina na ina mwelekeo: inaelekea kuificha tofauti. Ilistahili sentensi yake.

Aliongeza pia la kibiolojia. Mfuko usiopitisha hewa unaweza kuzuia kuvu kuendelea kukua kama punje ni kavu, lakini sumu iliyoingia shambani au wakati wa kuanika haiondoi. Timu haikupima sumukuvu siku ya kujaza. Hivyo kaya zilizovuka kikomo mwishoni huenda zilikuwa zimevuka tangu siku ya kwanza. Hapa nimeliacha neno "huenda" kwa makusudi, kwa sababu nyuma yake kuna kipimo kilichokosekana.

Sentensi mpya: "Mahindi yaliyovuka kikomo cha sumukuvu yalikutwa katika asilimia 12.5 ya kaya za mifuko na asilimia 18.2 ya kaya za magunia (tofauti pointi 5.7, masafa kutoka −3.8 hadi 15.1). Jaribio hili haliwezi kuamua kama mifuko inapunguza sumukuvu, haiigusi, au inaiongeza kidogo. Sampuli moja kwa gunia na kukosekana kwa kipimo cha mwanzo vinazidi kulidhoofisha."

Mwanafunzi aliiona ndefu na ya aibu. Kila mtu huona aibu kuandika kwamba jaribio lake halikuamua. Lakini aliifupisha mara mbili na kila mara ikarudi kusema "hakuna athari" kwa maneno mengine, basi tukaiacha na urefu wake.

## Sentensi ya tatu: turubai

Hii ndiyo iliyochukua siku nzima.

Kaya zilizoanika kwenye turubai zilikuwa 108, na 9 kati yake zilivuka kikomo, asilimia 8.3. Zilizoanika chini zilikuwa 114, na 25 zilivuka, asilimia 21.9. Tofauti ni pointi 13.6, masafa 4.4 hadi 22.8, p 0.005. Asilimia 62 ya ikisiri inatoka hapa: 8.3 ni pungufu ya 21.9 kwa asilimia 62. Hesabu ni sahihi. Lakini namba hiyo ya uwiano imesimama juu ya kaya 9 na 25 tu, na kwa kuitaja peke yake msomaji ananyimwa kujua hivyo.

Kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyepigiwa kura ya turubai. Mkulima alilinunua, alilirithi au alilipewa na mradi. Nilimuuliza mwanafunzi, kama mtu aliyezunguka vijiji vile, wenye maturubai ni akina nani. Hakusita: wengi wako juu, ukanda mkavu, karibu na barabara ya lami. Walio bondeni, karibu na kinamasi, wengi wao huanika uani. Na bonde, kavu au masika, lina unyevu.

Tukazigawa kaya kwa ukanda.

| Ukanda | Turubai: waliovuka | Chini: waliovuka |
|---|---|---|
| Juu (mkavu) | 4 kati ya 78 | 3 kati ya 36 |
| Bondeni (wenye unyevu) | 5 kati ya 30 | 22 kati ya 78 |

Ukitazama safu badala ya jumla, picha inabadilika. Juu, waliovuka ni asilimia 5.1 kwa turubai na 8.3 kwa chini, tofauti ya pointi 3.2. Bondeni ni asilimia 16.7 kwa 28.2, tofauti ya pointi 11.5. Kanda zenyewe zinatofautiana sana bila kujali turubai: 7 kati ya 114 juu, 27 kati ya 108 bondeni, na robo tatu hivi ya maturubai yako juu. Sehemu ya sifa iliyopewa turubai ilikuwa ya mlima.

Tukiunganisha kanda mbili kwa kuzipa uzito kulingana na idadi ya kaya kila upande, tofauti inabaki pointi 7.1, masafa kutoka −2.4 hadi 16.6. Karibu nusu ya athari imeondoka, na masafa sasa yanagusa sifuri.

Hapo ndipo mjadala ulipogeukia upande ambao sikuutegemea. Profesa alisoma jedwali, akavua miwani, akasema, "Basi tuifute turubai kabisa. Tofauti imetoweka." Mtu yuleyule aliyeogopa dai la kwanza alikuwa tayari kukanusha la tatu kwa sababu masafa yamevuka sifuri. Ni swichi ileile, imebonyezwa upande wa pili.

Tofauti haikutoweka. Makadirio bora ni pointi 7, na kanda zote mbili zinaelekea upande mmoja. Mgawanyo wa kanda nao ulifanywa baada ya data kuonekana, tena kwa mstari uliochorwa kwa maarifa ya mtafiti mmoja. Haukupangwa kabla, kwa hiyo nao unastahili tahadhari yake. Kuna pia vitu ambavyo hatukuweza kuvirekebisha kabisa: mwenye turubai pengine huvuna mapema, ana vijana wa kukusanya mahindi mvua inapotishia, au ana kipima unyevu cha chama cha ushirika.

Halafu kuna ushahidi uliopo nje ya makala. Nchini Kenya kwa mahindi, na Ghana kwa karanga, watafiti wamewahi kuwagawia wakulima maturubai kwa nasibu, na sumukuvu ilipungua. Sababu ya kimwili nayo inaeleweka, kwani kuvu anaishi kwenye udongo na punje zilizo juu ya ardhi yenye unyevu hukauka polepole. Kuandika "hatukuona ushahidi" kungekuwa kujifanya kwamba mambo hayo hayajulikani.

Sentensi iliyopatikana jioni ilikuwa hii: "Kaya zilizoanika kwenye turubai zilikuwa na mahindi yaliyovuka kikomo mara chache kuliko zilizoanika chini (9 kati ya 108, na 25 kati ya 114). Wakulima walijichagulia namna ya kuanika, na wengi wenye maturubai waliishi ukanda mkavu. Ndani ya kanda tofauti ilishuka hadi pointi 7.1 (masafa −2.4 hadi 16.6). Matokeo haya yanaelekea upande mmoja na majaribio ya nasibu yaliyofanyika kwingine, lakini peke yake hayatoshi kuonyesha kwamba turubai ndilo lililoleta tofauti."

Kitenzi "kunapunguza" kimeondoka na mahali pake pana "zilikuwa na". Kila kipande cha tahadhari kinaonyesha kimetoka wapi, na sentensi ya mwisho inatenganisha ushahidi wa timu na ushahidi wa wengine, ili mtu asichukue namba ya mashariki mwa Uganda akaipa nguvu ya jaribio la Kenya.

## Yaliyotokea baadaye

Jarida la pili liliikubali makala baada ya raundi moja ya marekebisho. Mhakiki mmoja alitaka sentensi ya pili irudi kuwa "hakuna tofauti ya kitakwimu" kwa sababu ndivyo wengine wanavyoandika. Timu ilijibu kwa kumwonyesha masafa, ikakubali tu kuongeza thamani ya p kwenye mabano. Hakuna aliyelalamika kwamba sentensi ya kwanza ina nguvu mno.

Ugumu ulitoka wilayani. Afisa biashara wa wilaya alisoma muhtasari akasema, "Hamsemi ndiyo, hamsemi hapana. Mimi nawaambia nini wenye maghala?" Swali lake lilikuwa halali, na jibu halikuwa kukaza sentensi za matokeo. Timu iliandika ukurasa wa pili, wa mapendekezo, ambao mantiki yake ni tofauti. Turubai ni la bei ndogo, halina madhara, na ushahidi wa nje unaliunga mkono. Mkulima anaweza kushauriwa kulitumia hata kama data hizi peke yake hazijathibitisha. Mfuko ni wa bei kubwa kuliko gunia. Mkulima anayehifadhi miezi mingi anaweza kuununua ili kujikinga na wadudu, kwani faida hiyo imeonyeshwa, bila kuahidiwa cheti cha mpakani. Na kwa mwenye ghala anayetaka cheti, ushauri ulikuwa kupima shehena kabla ya kupakia, basi.

Ukurasa huo ulimridhisha zaidi ya ikisiri, na ndio aliousambaza.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni lile zoezi la kutaja hatari kwa jina kabla ya kuweka neno la tahadhari. Lilimwezesha mwanafunzi kuondoa tahadhari mahali fulani na kuiongeza mahali pengine bila kuhisi anamkaidi msimamizi. Ushauri wa jumla wa "punguza madai", kama ule wa mhakiki wa kwanza, hudhuru, maana mwandishi huanza kupunguza pale anapoogopa zaidi. Hapo mara nyingi ndipo alipo na ushahidi wake bora, kwa kuwa ndipo alipowekeza.

Kusoma masafa kwa ncha zake mbili kulisaidia nako. Kila mara tuliuliza: ncha ya chini ikiwa ndiyo kweli, mkulima angefanya nini? Na ncha ya juu? Kwa wadudu ncha zote mbili zinatoa jibu moja. Kwa sumukuvu kwenye mifuko, ncha moja inasema nunua na nyingine inasema usinunue. Hapo uhakika wa sentensi unajipanga wenyewe bila kubishana juu ya maneno.

Jedwali la kanda lilikuwa na faida na hatari. Bila hilo tungebaki na asilimia 62. Lakini lilimpa profesa kishawishi cha kufuta kila kitu, na kama mkutano ungeisha nusu saa mapema, makala ingetoka na kosa la upande wa pili. Kaya 36 zilizoanika chini kule juu, zenye matukio 3, haziwezi kubeba hukumu yoyote. Sipendi jinsi watafiti wanavyoitumia hesabu ya marekebisho kama mahakama ya rufaa inayofunga kesi.

Kilichoshindikana ni mambo mawili. Kichwa cha makala hakikubadilishwa kwa sababu kilikuwa kimesajiliwa na mfadhili, na bado kinataja mifuko na "usalama wa mahindi" pamoja, jambo ambalo matokeo hayalibebi. Pili, wiki chache kabla ya marekebisho, slaidi za rasimu ya zamani zilikuwa zimeonyeshwa kwenye warsha ya wadau. Mtu mmoja alizipiga picha. Redio moja ya mpakani ikatangaza kwamba mifuko haizuii sumu, na kwamba turubai linaipunguza kwa zaidi ya nusu. Timu ilipeleka sahihisho, lakini sahihisho halikuwa na namba moja ya kushika kama 62, na mtangazaji alilisoma mara moja tu.

Utafiti wao unaofuata umepangwa kwa kuangalia mapengo hayo. Maturubai yatagawiwa kwa kura ndani ya kila ukanda, sampuli zitachotwa kwa bomba sehemu kadhaa za kila gunia na kusagwa pamoja, na sumukuvu itapimwa siku ya kujaza kabla ya kupimwa tena mwishoni. Katika rasimu ya pendekezo, mwanafunzi ameshaandika sentensi atakazotumia kama masafa yatakuwa membamba na mbali na sifuri, yakiwa membamba na karibu na sifuri, na yakiwa mapana. Profesa ameziwekea sahihi zote tatu kabla ya punje moja kuanikwa.